Kabla Sanduku Halijafunguliwa

(Maneno niliyoyasema kwenye siku ya mgao ya kikundi chetu cha hisa, Morogoro)

Mwenyekiti, mweka hazina, washika funguo wetu watatu, akina mama wenzangu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze leo kabla sanduku halijafunguliwa, na nimemwelewa kwa nini ameichagua siku hii. Baada ya saa mbili kila mmoja wetu atatoka humu na bahasha. Kuna watakaotoka na laki tano, kuna watakaotoka na milioni na ushee, hisa za kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Mwaka 2023, siku kama ya leo, nami nilitoka na bahasha yangu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Kihonda hadi mjini kwa kukosa nauli. Nitawasimulia ilivyokuwa pamoja na hesabu zake zote, maana hesabu ndizo nilizozificha kwa aibu muda mrefu.

Wakati ule nilikuwa nauza vitenge kwa kutembeza. Nikijumlisha mgao wa kikundi na faida niliyokuwa nikiitunza kwenye simu, nilikuwa na 2,250,000. Zilikuwa za kulipia fremu karibu na soko la Chifu Kingalu na kununua cherehani ya umeme. Fremu nilishaiona. Mwenye nyumba alishaniambia nilete kodi ya miezi sita.

Jina la ile apu iliyozimeza fedha hizo silitaji. Halitawasaidia, kwa sababu apu za namna ile zikifa leo, kesho zinarudi na jina jingine na rangi nyingine. Ililetwa kwangu na shoga yangu ninayemwamini hadi leo. Alinitumia picha ya meseji ya muamala, kwamba amepokea fedha, na chini yake kiungo. Hakuwa tapeli. Yeye naye alikuwa amelipwa kweli, na kwa moyo mweupe akataka na mimi nilipwe. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu tumezoea kudhani tapeli ni mgeni mwenye maneno matamu. Mimi mlango nilifunguliwa na mtu tunayezikana.

Ukibonyeza kile kiungo hakikupeleki Play Store. Linashuka faili ambalo jina lake linaishia na `.apk`, na simu inakuuliza kama unakubali kuweka programu kutoka chanzo kisichojulikana. Simu yangu iliniuliza, nikabonyeza kukubali.

Ndani kulikuwa na madaraja, VIP 1, VIP 2, kuendelea juu. Unaweka fedha kulingana na daraja, kisha kila asubuhi unapewa kazi ya kutazama video tano za matangazo ya hoteli na kuzipa nyota. Ni dakika tatu tu. Kazi ile ilinidanganya kuliko ahadi ya faida yenyewe. Wangeniambia niweke fedha nikalale nipokee, ningeshtuka. Waliponipa cha kufanya, nikaona nimeajiriwa. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikanawa uso, nikazitazama zile video kwa makini kana kwamba kuna mtu anasubiri maoni yangu.

Nilianza na 54,000. Zilikuwa zinaingiza 1,800 kwa siku, kwa hiyo siku ya saba nilikuwa na 12,600. Nikaomba kutoa. Nilikuwa jikoni nageuza maandazi, mkono mmoja una mwiko, simu ikalia kwenye kidirisha. Nimepokea 11,340, baada ya wao kukata asilimia kumi. Niliisoma ile meseji mara tatu mpaka maandazi yakaungua upande mmoja.

Sasa ngoja nisimame hapo hapo kwenye ile meseji, kwa sababu kila kitu nilichopaswa kukijua kilikuwa ndani yake. Aliyenitumia alikuwa mtu, jina la mwanaume na ukoo wake, si kampuni. Nilipoweka fedha mara ya kwanza nilitumia kwenye namba ya mtu mwingine. Mara ya pili namba ilikuwa imebadilika, jina nalo limebadilika. Kampuni inayosema ina makao Ulaya ilikuwa inapokea na kulipa kupitia laini za watu binafsi, na kila baada ya siku chache laini mpya. Biashara yenye leseni ina namba yake ya malipo na jina lake linatokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri. Mimi jina niliona. Nililiruka nikaenda kutazama kiasi.

Ile 11,340 ilinimaliza. Nilikuwa najiona mwerevu, kwamba nimewajaribu kwa fedha ndogo na wamelipa. Kumbe jaribio lile halipimi chochote. Walinirudishia sehemu ya fedha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewapa 54,000, wakanipa 11,340, na bado wanazo 42,660. Kulipa kidogo mwanzoni ndiyo gharama yao ya biashara, kama sisi tunavyomwonjesha mteja karanga kabla ya kumpimia kilo.

Wiki ya pili niliweka 540,000, ikawa inaingiza 18,000 kwa siku. Nikatoa tena mara moja, 150,000, wakakata yao nikapata 135,000. Hapo ndipo jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza mkaa, akaniuliza mbona siku hizi sitembezi vitenge jua kali. Nikamwonyesha simu. Akaenda kuchukua 540,000, fedha ya kuezekea chumba cha nyuma, akanipa mkononi nimwingizie, kwa kuwa yeye simu yake ilikuwa ya tochi. Kwa kumleta, kwenye akaunti yangu ikaandikwa zawadi ya 54,000. Nilifurahi. Nasema mbele yenu kwamba nilifurahi.

Mwezi wa pili wakatangaza daraja jipya kwa siku tatu tu, 1,620,000 kuingiza 54,000 kila siku. Nikaweka. Kwenye laini yangu zikabaki 36,000.

Hesabu ambayo sikuipiga ni hii, na nimeileta kwenye karatasi mweka hazina anisahihishe. Ukiweka 540,000 ukapata 18,000 kwa siku, siku ya 30 umerudishiwa fedha yako yote. Chukua watu mia moja walioingia siku moja. Kama hakuna biashara nyuma, na kutazama video za hoteli si biashara, siku ya 30 sanduku lao ni tupu. Lakini siku ya 31 wote mia wanadai, jumla 1,800,000 kwa siku hiyo moja. Zitoke wapi? Lazima kila siku tatu waingie wapya kumi, kila mmoja na 540,000 yake. Mwezi ukiisha hao wapya wameshafika mia, na wao wanadai kila asubuhi. Sasa wadai ni mia mbili, wanahitaji wapya mia mbili. Ikienda hivyo, kwa uchache idadi inajirudufu kila mwezi, na mia moja wa mwanzo miezi kumi baadaye wanahitaji watu zaidi ya laki moja. Haifiki huko. Wenyewe wanajua haifiki, ndiyo maana wanachagua siku ya kufunga wakati fedha zinaingia kwa wingi, mara nyingi baada ya kutangaza ofa kubwa kama ile ya siku tatu.

Si jambo jipya. Kule Boston mwaka 1920 alikuwapo Charles Ponzi aliyeahidi asilimia 50 kwa siku 45, akilipa wa zamani kwa fedha za wapya, na mchezo ukabaki na jina lake. Hapa kwetu, wakubwa mnaikumbuka DECI iliyosimamishwa mwaka 2009, watu walivyokuwa wanasema wanapanda mbegu. Kilichobadilika ni kwamba zamani ulipanga foleni ukawaona wenzako, ofisi ikifungwa mnakuta kufuli pamoja. Siku hizi kila mtu anafungiwa peke yake, usiku, kitandani.

Mimi nilifungiwa Ijumaa. Niliomba kutoa, ikaandikwa inashughulikiwa. Jumamosi hivyo hivyo. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna aliyeweza kuuliza, kwa sababu liliwekwa waandike viongozi tu. Tulikuwa mamia ndani ya chumba kimoja na hakuna anayemsikia mwenzake. Jumapili wakaandika kwamba serikali imeagiza kila mwanachama alipe kwanza kodi ya asilimia 15 ya salio lake, ndipo akaunti ifunguliwe. Salio langu kwenye skrini lilikuwa 1,980,000. Asilimia 15 ni 297,000.

Akina mama, nilikuja kwenye kikundi hiki hiki nikakopa 300,000. Niliandika sababu ya mkopo ni mtaji wa vitenge, na dada katibu akanisainia. Nikazituma. Kodi ya kweli ya mapato kama yale hukatwa kwenye fedha yenyewe kabla hujapewa. Hakuna mamlaka inayokuambia uitume kwa laini ya mtu. Na kama kweli ninazo 1,980,000 kwao, si wangekata humo humo? Swali hilo lingemaliza kila kitu. Halikunijia, kwa sababu nilikuwa siwazi tena faida. Nilikuwa nawaza fremu yangu, na mtu anayezama hachagui cha kushika.

Jumatano kundi likafutwa. Nikifungua apu, kinazunguka kiduara tu katikati ya skrini.

Jumla niliwapa 2,511,000, nikapata 146,340. Nilipoteza 2,364,660.

Nilienda polisi siku ya tisa. Nilipewa namba ya RB, na nilikuwa na orodha ya miamala na zile namba sita nilizotumia. Nilichelewa. Fedha ikishatumwa kwenye laini ya mtu, hutolewa kwa wakala ndani ya saa chache, kwa hiyo nafasi ya kuizuia ni siku ile ile, kwa kupiga huduma kwa wateja ya mtandao wako na kutaja namba ya muamala. Zile namba unaziripoti pia 15040. Mimi niliziripoti zikiwa zimeshazimwa.

Wiki mbili baadaye kuna mtu akaniandikia, anajua jina langu, anajua na kiasi nilichopoteza. Akasema ni mtaalamu wa kurudisha fedha na anataka 80,000 ya kufungua jalada. Moyo uliruka. Nilijiuliza kiasi amekijua vipi, na jibu ni moja, orodha ilitoka kwa wale wale. Sikumlipa, ila siwezi kusema ni kwa busara. Sikuwa nazo.

Kubwa lililonikosesha usingizi lilikuwa mama wa mkaa. Mimi nilipoteza kwa mkono wangu. Yeye alipoteza kwa mkono wangu pia. Nilimfuata jioni, nikakaa kwenye gunia, nikamwambia. Alikaa kimya, akaendelea kupanga mkaa kwenye kopo, akalijaza, akalimwaga, akalijaza tena. Kisha akasema, mwanangu, mvua za vuli zitakuta kile chumba hakina bati. Hakusema lingine. Nikaondoka nikiwa na deni la 540,000 ambalo hakuna aliyeniandikia.

Kazi niliipata kwenye steshenari moja karibu na chuo, ambako nilikuwa napita kuuza vitenge kwa wafanyakazi. Pale wanachapa na kujalidi tasnifu za wanafunzi wa SUA. Mwenye duka alikuwa analalamika kwamba mtafiti mmoja amemletea mahojiano ya kunukuu na vijana wake hawana subira. Nikamwomba nijaribu. Nilisoma uhazili zamani kabla ya ndoa, vidole vilikuwa bado vinakumbuka.

Kunukuu ni kusikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Yalikuwa mahojiano kumi na mawili ya wakulima wa Uluguru, jumla dakika 540. Mtafiti alikuwa analipa 400 kwa dakika ya sauti, duka linachukua 100 kwa kompyuta na umeme, mimi 300. Nilipiga hesabu haraka, 162,000, nikaona nitamaliza kwa siku tatu. Saa moja ya sauti ilinichukua saa tisa. Kuna jogoo, kuna mvua kwenye bati, kuna mjukuu anayelia, na mzee anaongea huku anatafuna. Saa tisa kwa 18,000 ni 2,000 kwa saa, mgongo unawaka. Wengi wanaoanza huacha hapo, na siwalaumu.

Kijana wa duka alinionyesha mambo mawili kwenye VLC ambayo yalibadilisha kazi. Kitufe cha `[` kinapunguza mwendo wa sauti kidogo kidogo, na `Shift` pamoja na mshale wa kushoto vinarudisha nyuma sekunde tatu, bila kugusa kipanya. Nikajifunza kusikiliza sentensi nzima kwanza ndipo niandike, kuweka muda pembeni kila dakika tano, na pasiposikika kuandika kwamba hapasikiki badala ya kubuni. Mahojiano ya sita nilikuwa kwenye saa tano kwa saa moja ya sauti. Hapo ni 3,600 kwa saa, na mgongo nilishaupatia mto.

Katika mahojiano ya nane mzee wa Matombo alikuwa anaeleza kwa nini hataki kulima kontua. Akataja fujo za matuta. Mtafiti, mtu wa Kagera, alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba mzee anazungumzia mafuta. Mimi bibi yangu ni wa kule, nimekua nikisikia habari za mwaka 1955, wakulima wa Uluguru walivyokataa kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta ya ngazi. Nikaandika ilivyosemwa na nikaweka maelezo mafupi pembeni. Yule mtafiti akauliza dukani ni nani aliyenukuu. Tangu hapo akawa ananiletea mwenyewe, 500 kwa dakika, na wenzake wawili wakafuata. Mwisho wa mwaka nilinunua kompyuta mpakato ya mitumba. Baadaye zikaja tafsiri za madodoso, ambazo nalipwa kwa ukurasa.

Si kwamba mambo yalinyooka. Kuna mwanafunzi aliyechukua dakika 90 nilizomaliza usiku kucha, akazima simu. Tangu siku ile napokea nusu kabla sijaanza, na naonyesha kurasa mbili za mwisho baada ya kulipwa iliyobaki. Miezi ya mitihani sauti haziji kabisa, kwa hiyo vitenge sikuviacha. Na niliwahi kuona tangazo la kunukuu mtandaoni, malipo mazito, ila ulipe kwanza 20,000 ya usajili. Nililifunga bila kulisoma hadi mwisho. Mwenye kazi ndiye anayelipa.

Mkopo wa kikundi pamoja na riba ulikuwa 330,000. Niliurejesha kwa miezi sita, 55,000 kila mwezi, na mwezi wa kwanza nilisimama mahali hapa nikaeleza sababu ya kweli ya ule mkopo. Dada katibu, asante kwa kutonifukuza. Mama wa mkaa nilimlipa 45,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Mara ya kwanza alikataa kupokea, akadhani nimerudi kwenye mambo yale. Ikabidi nimpeleke steshenari, nikamvika visikilizio, akamsikia mzee wa Matombo. Alisikiliza kama dakika kumi, anacheka na kuitikia peke yake kama wako pamoja. Akavua, akaniuliza, na hawa wanakulipa kuandika tu? Nikamwambia ndiyo. Akapokea. Chumba kimeezekwa mwaka jana.

Leo bahasha zikitolewa, simu zenu zitaanza kuita, na wa kwanza huenda akawa mtu mnayempenda. Mkitaka kupima faida mnayoahidiwa, ipimeni kwa hati fungani za serikali za muda mrefu. Kwa miaka hii zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na karibu 16 kwa mwaka mzima. Mimi niliahidiwa zaidi ya asilimia 3 kwa siku. Uliza leseni, kisha usiitafute kwenye picha waliyokutumia wao. Nenda kwenye orodha ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana wewe mwenyewe. Usipojua kusoma orodha hizo, nipo, nakaa nyuma ya kituo cha maji, njoo na simu yako kabla hujatuma. Ukishatuma njoo pia, siku hiyo hiyo, na usione aibu kwangu.

Fremu bado sijapata, ile ya mwanzo ilishachukuliwa na muuza viatu. Bahasha yangu ya leo inaanza kodi ya nyingine. Mwenyekiti, naomba niruhusiwe kupokea mapema kidogo, nina mahojiano ya dakika 38 ya kukabidhi saa kumi, na mama anayehojiwa anaongea kwa sauti ya chini sana.